Mwana Kazunguka Mti

Mwaka jana niliandika insha ya kurasa 12 kutetea mashairi huru. Nilikuwa naionea fahari, kwa hiyo kabla ya kuiwasilisha darasani nikampelekea Ami yangu aliyeko Tanga. Ami ni fundi cherehani mstaafu, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani nilipokuwa darasa la tatu, kwa kugonga kidole kwenye meza ya kukatia vitambaa. Jibu lake lilikuja baada ya siku tisa, nalo lilikuwa mshororo mmoja tu:

Mwana kazunguka mti, kadhani kafika mbali.

Nilihesabu, kwa mazoea. Nane na nane. Hata ile m ya “mti” aliipa haki yake ya silabi kamili. Nikacheka, nikadhani ni mzaha wa mzee asiyependa mambo mapya. Wiki iliyofuata mwalimu wangu alinirudishia insha hiyohiyo. Alikuwa amechora mshale mrefu kutoka ukurasa wa 7 kurudi ukurasa wa 2, na chini yake akaandika: “Ukurasa wa 7 unaegemea ukurasa wa 2. Ukurasa wa 2 unaegemea nini?”

Watu wawili wasiofahamiana waliona kitu kimoja. Nilichukua mwezi mzima kukiona na mimi. Hii ni tahakiki ya insha ile. Naiandika kwa sababu kosa lililokuwemo halikuwa la lugha wala la utafiti. Sentensi moja moja ilisomeka vizuri. Kilichooza ni uti wa mgongo.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani na wasomaji wengi wanaujua. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na kizazi kizima cha washairi kikakifanya kipimo: shairi liwe na vina, liwe na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani yenye mashairi yasiyofuata masharti hayo, na pande mbili zikashikana mashati. Wanamapokeo wakasema hayo si mashairi. Wanausasa wakasema ni mashairi, tena yenye uhai zaidi. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakaandika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, wakitetea kwamba vina na mizani havipaswi kuchukuliwa kuwa ndiyo roho ya ushairi. Mimi nilizaliwa ugomvi huo ukiwa umeshapoa. Niliingia nao darasani kama mtu anayeingia msibani baada ya arobaini, akaanza kulia kwa sauti kuliko wafiwa.

Nilipotaka kuelewa mshale wa mwalimu, niliacha insha pembeni nikachukua vipande vya karatasi. Katika kila kipande niliandika dai moja lililobeba uzito, kwa maneno machache, bila mapambo. Kurasa 12 zilitoa vipande vitano tu:

Cha kwanza: ushairi ni lugha yenye mdundo na taswira inayogusa hisia.

Cha pili: mashairi huru yana mdundo na taswira, kwa hiyo ni ushairi.

Cha tatu: vina na mizani si kiini cha ushairi.

Cha nne: vina na mizani vililetwa na Waarabu, kwa hiyo si asili ya Kiswahili.

Cha tano: kwa hiyo shule ziache kufundisha arudhi.

Kisha nyuma ya kila kipande niliandika jibu la swali “kwa nini?” kama lilivyokuwa kwenye insha yangu. Sikuruhusu jibu ninalolijua kichwani lakini sikuliandika. Nyuma ya cha pili niliandika: kwa sababu ya cha kwanza, yaani maana ya ushairi. Nyuma ya cha kwanza: kwa sababu ya cha tatu. Vina na mizani si kiini, basi kinachobaki ni mdundo na taswira. Na nyuma ya cha tatu, kwenye ule ukurasa wa 7, nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kabisa kwamba tunajua vina na mizani si kiini kwa kuwa yapo mashairi mengi bora yasiyo navyo. Mashairi gani hayo? Mashairi huru. Hicho ni kipande cha pili.

Nilivipanga mezani. Cha pili kinaegemea cha kwanza, cha kwanza kinaegemea cha tatu, cha tatu kinaegemea cha pili. Watu watatu wamekaa kila mmoja mapajani mwa mwenzake, na hakuna kiti. Ami alikuwa ameiona picha hiyo kwa mizani kumi na sita.

Swali lililonisumbua ni kwa nini sikuona. Nilipata sababu mbili. Ya kwanza ni umbali. Kati ya ukurasa wa 2 na wa 7 kulikuwa na kurasa za historia, majina ya vitabu na nukuu. Msomaji akifika ukurasa wa 7 ameshasahau kwamba mashairi huru kuwa mashairi ndilo jambo lenyewe lililokuwa linabishaniwa. Linamjia kama jambo lililokwisha kuthibitishwa mahali fulani huko nyuma.

Ya pili ni visawe. Ukurasa wa 2 niliandika “ushairi”. Ukurasa wa 4 niliandika “utungo wa kishairi”. Ukurasa wa 5 “sanaa ya maneno iliyokolea”, na ukurasa wa 7 “tungo bora”. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni udhaifu wa mtindo, nami nikawa mtiifu. Lakini kila nilipobadilisha neno, dai lilionekana kama dai jipya. Nikajaribu kufanya kinyume: nikafuta visawe vyote na kuweka neno moja, “shairi”, kila mahali. Sentensi ya ukurasa wa 7 ikageuka kuwa: vina na mizani si lazima kwa shairi kwa sababu haya ni mashairi na hayana vina wala mizani. Mtoto wa darasa la saba angeuliza, nani kasema haya ni mashairi? Tangu siku hiyo, nikihisi hoja inazunguka, huanza kwa kuua visawe. Insha husomeka vibaya kwa muda, lakini mviringo hukosa nguo ya kujificha.

Kilichonitia haya zaidi ni kwamba kwenye ukurasa wa 3 wa insha hiyohiyo niliwakamata wanamapokeo wakifanya kosa hilohilo. Nilieleza hoja yao hivi: utungo usio na vina na mizani si shairi, kwa sababu mashairi yote ya Kiswahili yana vina na mizani. Ukiwaonyesha lisilo navyo, wanakuambia hilo halihesabiwi kwa kuwa si shairi. Niliandika, kwa kejeli, kwamba huo ni mlango unaomruhusu kuingia yule tu aliyeshaingia. Sentensi nzuri. Kurasa nne baadaye nikajenga mlango wangu wa namna ileile, ila bawaba nikaziweka upande wa pili.

Wao walitoa maana ya shairi inayoyatupa nje mashairi huru kabla ya mjadala. Mimi nilitoa maana inayoyaingiza kabla ya mjadala. Mviringo wa mpinzani tunauona haraka kwa sababu hatukubaliani na mahali unapofikia. Mviringo wetu unatupeleka tunakotaka kwenda, basi tunauita njia.

Ndani ya insha kulikuwa na sentensi nyingine niliyoiona nzuri: kwamba anayehesabu mizani si mshairi bali ni mhasibu wa silabi. Ilitokana moja kwa moja na ile maana yangu ya ukurasa wa 2. Sikumfikiria Ami nilipoiandika. Lakini ndiye aliyeisoma. Kwa miaka mingi alikuwa akinitumia shairi kila Ijumaa. Baada ya insha, Ijumaa tatu zilipita kimya.

Nikaanza kukarabati. Mviringo hauvunjwi kwa kuongeza maneno. Unavunjwa kwa kutafuta dai moja katika mzunguko na kulipa nguzo inayosimama nje, ushahidi ambao mtu anaweza kuukagua bila kwanza kukubali hitimisho lako. Kipande kilichohitaji nguzo kilikuwa cha tatu.

Jaribio la kwanza lilikuwa utenzi. Shairi la tarbia, lile tulilozoea magazetini, lina mizani 16 katika kila mshororo, kwa vipande viwili vya nane nane, na vina vya kati na vya mwisho. Utenzi una mizani nane tu kwa mshororo, na hauna ulazima wa vina vya kati. *Al-Inkishafi* una mizani kumi. Wanamapokeo wanazikubali zote hizi kuwa tungo za ushairi, na mtu yeyote anaweza kuhesabu. Nikaandika kwa furaha: mapokeo yenyewe hayana kipimo kimoja, kwa hiyo kipimo si lazima.

Nililala nayo, asubuhi nikaiona. Kwamba vipimo ni vingi ni kweli. Kwamba kutokuwa na kipimo kunaruhusiwa ni jambo jingine kabisa. Kanzu zina saizi nyingi, lakini hakuna anayeshona kanzu bila kupima. Nilikuwa nimetoka kwenye mviringo nikaruka shimo. Neno “kwa hiyo” lilikuwa limekaa katikati ya sentensi kana kwamba ni daraja, kumbe ni mkao tu wa neno.

Jaribio la pili lilikuwa neno “guni”. Katika elimu ya arudhi, shairi lenye kasoro ya vina au mizani huitwa shairi guni. Nikafikiri nimepata: wenyewe wanaliita shairi! Yaani hata likipoteza kipimo, jina la shairi halilitoki. Safari hii sikulala nayo. Nilimpigia Ami, kwanza kwa sababu nilihitaji kumsalimia, pili kwa sababu nilijua atanijibu.

“Shikamoo, Ami.”

“Marahaba, mwanangu. Mhasibu nakusikiliza.”

Nilimwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akasema yamekwisha, nieleze kilichonileta. Nikamweleza habari ya guni. Akacheka kwa mara ya kwanza.

“Mbuzi kilema ni mbuzi,” akasema. “Sikatai. Lakini wewe unaniletea kondoo, unaniambia na huyu ni mbuzi, maana hata kilema naye ni mbuzi.”

Alikuwa sahihi, na nilijaribu kuandika kwa nini. Shairi guni ni shairi lililolenga kipimo likakikosa. Shairi huru halikulenga. Kupewa jina kwa aliyejaribu akashindwa hakumpi jina asiyejaribu. Ili niruke kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ningehitaji sentensi ya tatu inayosema kwamba kukosa kipimo kwa bahati mbaya na kukiacha kwa makusudi ni jambo moja. Sentensi hiyo si ya kweli, na ndiyo maana sikuwa nimeiandika. Nilijifunza hapo namna ya kukagua mruko: andika kwa herufi kamili ile sentensi inayotakiwa kukaa kati ya “A” na “kwa hiyo B”. Mara nyingi ukiiandika tu, unaona aibu.

Kabla hatujaagana nilimuuliza Ami kwa nini yeye anataka mizani. Sikuwa na hila. Akasema, “Ili liimbike. Shairi lisiloimbika ni barua.” Hilo si lake peke yake. Kaluta Amri Abedi mwenyewe alishikilia kwamba shairi ni wimbo na lisipoimbika limepoteza maana yake. Nilikuwa nimelisoma hilo mara kadhaa na kulipita, kwa kuwa nililiona kuwa mali ya upande wa pili. Sasa nikaona ndilo nililokuwa nikilitafuta. Ni dai ambalo mpinzani wangu analikubali tayari, na halitegemei chochote nilichosema kuhusu mashairi huru.

Niliporudi nyumbani likizo nilimwomba Mama aimbe ule wimbo wa kubembeleza aliotuimbia sote watano. Aliona soni kidogo, kisha akauimba akichambua mchele. Niliandika na kuhesabu. Mshororo wa kwanza silabi 7, wa pili 10, wa tatu 7, wa nne 5. Vina havikuwepo. Na wimbo uliimbika bila kukwama. Ule wa silabi 5 aliuvuta irabu ya mwisho mpaka ukajaza nafasi, na ule wa 10 aliukimbiza. Mtu yeyote anaweza kuhesabu silabi hizo bila kuwa na msimamo wowote kuhusu Kezilahabi. Hiyo ndiyo sifa ya nguzo ya nje.

Basi mnyororo mpya ukawa hivi. Wanamapokeo wanasema mizani inatakiwa ili shairi liimbike. Zipo nyimbo za Kiswahili zinazoimbika bila mishororo yenye mizani sawa. Kwa hiyo mizani sawa ni njia mojawapo ya kufikia kuimbika, na si njia pekee. Kwa hiyo kukosa mizani sawa, peke yake, hakutoshi kuuondoa utungo kwenye ushairi. Nilijaribu kuuliza “kwa nini?” nyuma ya kila hatua, na hakuna jibu lililorudi kwenye hitimisho.

Lakini angalia ulivyopungua. Haudai tena kwamba mashairi huru ni mashairi. Unadai tu kwamba sababu moja ya kuyakataa haitoshi. Tena una nguvu kwa yule tu anayekubali kwamba lengo la mizani ni kuimbika. Mtu akisema mizani ni heshima ya mapokeo hata kama haina kazi nyingine, mnyororo wangu haumgusi. Hoja iliyokarabatiwa karibu kila mara huwa ndogo kuliko ile mbovu, kwa sababu ukubwa wa ile mbovu ulitokana na kujikopesha yenyewe.

Na bado kulikuwa na shimo moja. Nilimsomea Ami mnyororo huo kwa simu, akaliona papo hapo. “Mama yako ana sauti,” akasema. “Sauti ndiyo inayoujaza ule mshororo mfupi. Shairi lenu liko kwenye karatasi. Karatasini nani anavuta irabu?”

Sikuwa na jibu, na sikutaka kulitunga. Nikafanya jaribio dogo. Nilichukua shairi huru moja kutoka diwani ninayoipenda, na jingine nililotunga mwenyewe. Nikayaandika yote mawili kama aya ya kawaida, bila kukata mishororo na bila alama za vituo, kwa sababu mshororo uliokatwa humwambia msomaji mahali pa kutua, na hapo ningekuwa naweka jibu ndani ya swali. Nikawapa wenzangu watatu wa hosteli, kila mmoja peke yake, wasome kwa sauti, nami nikatia alama pale walipotua.

Lile la diwanini wote watatu walilitua karibu mahali palepale. Sababu ilionekana wazi nilipolitazama tena: neno moja la kufungulia lilikuwa linarudi, na kila liliporudi, umbo la sentensi lilijirudia nalo. Marudio hayo yalifanya kazi ambayo kwa Mama hufanywa na sauti. Langu walilisoma kama taarifa ya habari. Kila mmoja alitua kwake, na mmoja aliniuliza kama ni tangazo la mkutano.

Wasomaji watatu hawathibitishi jambo kubwa, na sikuwatumia hivyo. Walinionyesha kwamba swali la Ami lina jibu linaloweza kuangaliwa shairi kwa shairi: je, kuna kitu ndani ya maneno yenyewe kinachoshika mapigo baada ya mizani kuondoka? Mengine yanacho, mengine hayana. Langu halina. Katika insha ya kwanza shairi langu lilikuwa shairi kwa mujibu wa maana niliyojiandikia. Katika insha ya pili lilikuwa nathari iliyokatwakatwa, na mimi ndiye niliyetoa ushahidi dhidi yake. Iliniuma. Lakini hoja isiyoweza kukukatalia chochote haina namna ya kukuthibitishia chochote pia.

Vilibaki vipande viwili vya mwisho, na hivyo havikuwa mviringo. Vilikuwa miruko mitupu.

Kipande cha nne kilisema vina na mizani vililetwa na Waarabu, kwa hiyo si asili ya Kiswahili. Kuna mabishano marefu kuhusu sehemu ya kwanza, lakini niliiweka kando nikajaribu kuikubali yote, ili niione ile “kwa hiyo” ikiwa uchi. Sentensi iliyofichwa katikati ni hii: kila kilichotoka nje si cha Kiswahili. Nikaitembeza sentensi hiyo mahali pengine nione inavunja nini. Ilivunja neno “shairi” lenyewe, lenye asili ya Kiarabu. Ikavunja “kitabu” na “karatasi”. Kisha ikageuka ikanivunja mimi, kwa maana mashairi huru nayo yalishutumiwa kwamba yameigwa kutoka Ulaya, na kwa kanuni yangu mwenyewe ningelazimika kuyafukuza bila kuuliza zaidi. Kanuni iliyofichwa huwa inalindwa na kufichwa kwake. Ukiitoa nje ikafanya kazi mara tatu nne, unaona kama unaweza kuishi nayo. Mimi sikuweza.

Hapo nilijifunza kwamba si kila shimo linajengewa daraja. Nilitumia siku mbili nikitafuta ushahidi wa kukiokoa kipande cha nne, mpaka nikajiuliza kinabeba nini. Nilipokiondoa mezani, hakuna kipande kingine kilichoanguka. Kilikuwa pale kwa sababu kinasisimua. Nikakifuta pamoja na kurasa mbili zilizokizunguka.

Kipande cha tano, kwamba shule ziache kufundisha arudhi, kilikuwa na mruko mrefu zaidi, na kwa hakika nisingeweza kuuona bila kumfikiria Ami akigonga kidole mezani. Hata kama mashairi huru yote yangekuwa mashairi bora duniani, kutoka hapo hakutokei neno lolote kuhusu kinachopaswa kufundishwa. Kati ya “kitu hiki si lazima” na “kitu hiki kiachwe” panahitajika sababu kwamba kukifundisha kuna madhara, au kunachukua nafasi ya kitu bora. Sikuwa nimetoa hata moja. Tena nilikuwa na ushahidi wa kinyume mwilini mwangu: niliweza kusikia marudio katika lile shairi la diwanini, na kusikia kwamba langu limekufa, kwa sababu sikio langu lilifunzwa kwa mizani. Hilo nalo halithibitishi kwamba kila mtoto afunzwe hivyo. Ni mtu mmoja. Lakini lilitosha kunizuia kuandika kipande cha tano. Badala yake niliandika kwamba kukosa mizani pekee kusiwe sababu ya kumwambia mwanafunzi kwamba alichoandika si shairi, na kwamba anayemsahihisha ana haki ya kumuuliza mapigo yako wapi.

Insha ya pili ilikuwa kurasa 7. Mwalimu hakuchora mshale. Aliandika swali moja kando ya jaribio la hosteli, akitaka kujua kama wale wasomaji watatu walikuwa wamewahi kulisoma shairi lile kabla. Sikuwa nimewauliza. Nilirudi nikauliza, na mmoja alikuwa amelisoma kidato cha sita. Nikaliandika hilo pia, na jaribio likapungua uzito kwa theluthi moja.

Ile sentensi ya mhasibu wa silabi haimo. Sikuitoa kwa ajili ya adabu, ingawa adabu ingetosha. Ilitoka yenyewe, kwa kuwa maana iliyoizaa haikuwepo tena.

Nilimpelekea Ami insha mpya siku ya Jumatano. Alhamisi alinipigia, akasema ameisoma mara mbili na bado hakubaliani nami kuhusu marudio, kwamba hata muuza samaki hurudia neno lake kutwa nzima na hajawa malenga. Nikamwambia hilo ni pingamizi la kweli na silijui jibu lake. “Ndiyo,” akasema, “sasa tuna cha kubishania.” Kesho yake Ijumaa shairi likaja, beti sita za tarbia. Nilizihesabu zote. Katika ubeti wa nne, mshororo wa pili, kipande cha kwanza kina mizani saba. Sijamwambia bado. Sijajua kama amekosea, au ameniwekea swali.